Pembetatu Isiyocheza

Nina ugomvi na pembetatu. Ile nyeupe, inayobandikwa katikati ya picha ndani ya barua pepe ili msomaji adhani pana video. Sisi hapa Eldoret hutumia wasomaji barua ya kila mwezi, na ndani yake huwa kuna video ya mwandishi akisoma hadithi yake. Kila mwezi mwenzetu mmoja huniambia: "Weka kijipicha, bwana. Nani anabofya maandishi siku hizi?" Nikimwuliza amejuaje, ati kila mtu anajua.

Hebu tuanze na kinachofanyika kwenye simu. Programu nyingi za barua pepe, Gmail ikiwemo, hazichezi video ndani ya ujumbe. Kijipicha ni picha tu iliyofungwa kiungo mgongoni. Msomaji anagusa pembetatu akitarajia video ianze palepale, kumbe anatupwa YouTube, na bando linaanza kuliwa. Anarudi nyuma upesi. Kwenye hesabu yetu, huyo amebofya. Tunampigia makofi mtu aliyekasirika.

Halafu kuna ambao picha haiwafikii. Outlook ya kompyuta, inayotumiwa na maofisi mengi, inaweza kuzuia picha za mtandaoni mpaka mwenyewe aziruhusu. Kama hukuandika maneno mbadala ya picha, msomaji anaona kisanduku kitupu. Kiungo cha maandishi kinafika hivyohivyo kilivyo.

Mwenzangu atasema tupime. Sawa, lakini tupime kama watu wazima. Kuweka picha na maandishi katika barua moja kisha kuhesabu kipi kimebofywa zaidi si kipimo: vinanyang'anyana msomaji mmoja, na kilicho juu kina nafasi ya kwanza. Orodha igawanywe kwa bahati nasibu. Nusu wapate picha, nusu maandishi. Kichwa cha barua kiwe kilekile, saa ileile, kiungo kikae mahali palepale. Na mibofyo igawanywe kwa barua zilizofika, si kwa zilizofunguliwa. Tangu 2021, Apple Mail inaweza kupakua picha za barua kabla mtu hajaisoma, kwa hiyo inaonekana imefunguliwa hata kama mwenyewe amelala.

Sasa tuseme tuna watu 1,000, kila upande 500. Maandishi yanapata mibofyo 20, picha 28. Asilimia 4 dhidi ya 5.6. Mwenzangu ataruka: picha imeshinda kwa asilimia 40! Pole pole. Kuna kanuni ya haraka inayofaa pale mibofyo ni michache sana kuliko watu: jumlisha mibofyo yote, tafuta kipeuo cha pili, kizidishe kwa mbili. Tofauti ikiwa chini ya hapo, usiitangaze. Jumla ni 48, kipeuo chake ni karibu 7, mara mbili ni 14. Tofauti yetu ni 8. Hiyo inaweza kuletwa na bahati tu. Ili tofauti ya ukubwa huo ionekane kwa uhakika wa kuridhisha, tungehitaji kama watu 2,800 kila upande. Orodha ndogo haina jibu la mwezi mmoja. Rudieni jaribio lilelile miezi kadhaa mkijumlisha, au kubalini kwamba hamjui.

Hata hivyo, mbofyo si ndio tunachotafuta. Tunataka mtu asikilize hadithi mpaka mwisho. Njia ipo, na ni ya bure: pakia video mara mbili YouTube, zote zikiwa "Unlisted". Nakala moja ipewe kundi la picha, nyingine kundi la maandishi. Baada ya wiki, fungua takwimu za kila nakala uone muda wa wastani wa kutazama. Picha ikileta watazamaji wengi wanaoondoka sekunde ya kumi, na maandishi yakileta wachache wanaokaa dakika nane, nani ameshinda?

Kama kipimo hicho kitaipa picha ushindi, nitaibandika mwenyewe, na maneno mbadala yake nitayaandika. Mpaka hapo, mimi naandika hivi: "Tazama mwandishi akisoma hadithi yake, dakika 8, itafunguka YouTube." Msomaji wa Langas mwenye bando la siku anajua anachokwenda kulipia. Akibofya, amebofya kwa hiari. Akikataa, kesho ataifungua barua yetu tena, kwa sababu hatukumdanganya. Ile pembetatu haina nafasi ya kumwambia hata moja kati ya hayo.