Mishale Miwili Inatosha Kuombea Ruzuku

Klabu zetu hapa chuoni zinapokwenda kuwasilisha andiko la mradi mbele ya wafadhili, desturi ni slaidi ishirini: historia ya klabu, picha za viongozi, dira, dhima, halafu bajeti inatokea dakika ya mwisho watu wameshachoka. Msimamo wangu ni kwamba wasilisho zima lijengwe juu ya slaidi moja yenye visanduku vitatu: shughuli, mazao na matokeo. Kati ya visanduku hivyo ipo mishale miwili, na kazi yote ya kumshawishi mfadhili imo ndani ya mishale hiyo.

Tuchukue mfano wa klabu ya kusoma. Wanachuo 12 wanataka kuwasaidia watoto 60 wa darasa la tatu ambao bado hawawezi kusoma aya fupi. Kila mwanachuo anachukua kundi la watoto 5, wanakutana mara mbili kwa wiki kwa wiki 10. Hizo ndizo shughuli. Mazao ni vipindi 20 vilivyofanyika kwa kila kundi, na watoto waliohudhuria angalau vipindi 16. Matokeo ni watoto wangapi kati ya wale 60 wanaosoma aya na kueleza walichosoma, ilhali wiki ya kwanza hawakuweza.

Hapo kwenye mazao na matokeo ndipo wengi tunapoteleza. Utaona kwenye kisanduku cha matokeo mtu kaandika "watoto 60 wamefundishwa". Jamani, hilo ni zao tu. Kipimo chake ni rahisi: kama unaweza kulitimiza kwa kufika tu na kufanya ulichopanga, hata kama hakuna mtoto aliyejifunza kitu, basi ni zao. Matokeo lazima yajibu nani amebadilika, na sasa anafanya nini ambacho hakukifanya mwanzo. Ndiyo maana upimaji wa wiki ya kwanza ni lazima uwemo kwenye shughuli na kwenye bajeti. Ukiusahau, mwisho wa mradi huna cha kulinganisha.

Sasa tuje kwenye mishale. Kila mshale usome kwa sauti kwa "ikiwa" na "basi". Ikiwa tutaendesha vipindi 20 baada ya masomo, basi watoto watahudhuria angalau 16. Kweli? Mtoto aliyekuja shule bila kula atabaki hadi saa tisa alasiri? Ukiona mshale unayumba, umegundua kitu kabla mfadhili hajakigundua. Basi uji unaingia kwenye shughuli, na gharama ya uji inaingia kwenye bajeti ikiwa na sababu yake. Sharti lile, yaani "watoto wanabaki kwa sababu wamekula", liandike kwa herufi ndogo chini ya mshale.

Mshale wa pili ni mgumu zaidi. Ikiwa mtoto amehudhuria vipindi 16, basi atasoma aya. Hiyo inategemea kinachofanyika ndani ya kipindi. Mtoto asiyetambua silabi na mtoto anayesoma maneno kwa kusitasita wakiwekewa kitabu kimoja, mmoja wao atakaa tu. Kwa hiyo makundi yapangwe kwa kiwango cha usomaji, si kwa mpangilio wa madawati. Hili nalo linakaa chini ya mshale.

Kuna wanaosema slaidi moja inarahisisha mambo mno. Wana hoja. Watoto hao wanaendelea kufundishwa na mwalimu wao kwa wiki zote 10, hivyo wengine wangesonga mbele hata bila sisi, na mchoro wenyewe hauthibitishi kwamba ni klabu iliyosababisha. Jibu langu ni kutoahidi zaidi ya mshale unavyofika. Tusiandike kwamba tutapandisha ufaulu wa shule, achilia mbali wa wilaya. Tuandike watoto 60, aya moja, wiki 10.

Ninalitilia mkazo hili kwa sababu ahadi kubwa hailipwi na sisi tulioitoa. Muhula ukiisha sisi tunakwenda mafunzo kwa vitendo, na mwalimu anabaki na watoto walewale waliohesabiwa kwenye ripoti kama "waliofikiwa", bado hawasomi. Slaidi yenye mishale inatuzuia kufanya hivyo, maana kila anayeiona anaweza kuuliza swali.

Kwa hiyo mkikaa kuandaa wasilisho, anzeni kulia: andikeni matokeo kwanza, mrudi kwenye mazao, kisha shughuli. Shughuli isiyo na mshale unaotoka kwake, hata kama ni fulana nzuri za klabu, iondoeni pamoja na fedha yake. Slaidi hiyo ibaki kwenye skrini mpaka maswali yaishe.