Muuza Duka Si Nesi

Mama: Kaka, mwanangu haongezeki uzito, nifanyeje?
Muuza duka: Pole dada. Mpe unga huu wa lishe. Una mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga!
Mama: Vyote hivyo? Nipe pakiti mbili!

Kisha muziki, na mtoto anacheka. Matangazo ya namna hii tumeyasikia sana. Ukisikiliza ukiwa Nyamigogo, kati ya Ngara na Biharamulo, uko katika ukanda ambao redio ina heshima yake: Redio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995, enzi za kambi za wakimbizi, na sauti ya redioni ilikuwa habari ya maisha. Heshima hiyo ndiyo anayoazima muuza duka wa tangazo.

Naye anaitumia vibaya. Mama amesema mtoto haongezeki uzito, lakini yeye haulizi hata umri. Kama hajatimiza miezi sita, mtoto hahitaji uji bali maziwa ya mama. Kama ameitimiza na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala, huenda ana malaria, au anaharisha. Huyo ni wa kupelekwa zahanati, si wa kununuliwa pakiti.

Halafu ile orodha ya nafaka, inayotajwa kama sifa. Mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoshambuliwa sana na sumukuvu yakianikwa au kuhifadhiwa vibaya. Sumu hiyo haionekani ungani, na kuchemsha uji hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yenye sumu. Kwa hiyo swali si unga una vitu vingapi, bali karanga zilichambuliwa na nani, na unga ulipimwa wapi.

Hata unga ukiwa safi, tangazo linanyamaza kuhusu sufuria. Gramu 25 za unga katika robo lita ya maji hutoa kalori 90 hivi. Mtoto wa miezi sita hadi minane anayenyonya vizuri anahitaji takribani 200 kwa siku nje ya maziwa, na tumbo lake ni dogo. Mama mwenye pakiti moja ya kufikisha mwisho wa mwezi ataongeza maji. Mtoto atashiba maji, na mama ataambiwa hakufuata maelekezo ambayo hakuna aliyempa.

Mtasema biashara ni biashara, na sekunde 30 hazitoshi. Zinatosha:

Mama: Kaka, mwanangu haongezeki uzito.
Muuza duka: Ana miezi mingapi, dada?
Mama: Minane.
Muuza duka: Kesho mpeleke kwanza kliniki na kadi yake. Unga huu umepimwa, tarehe hii hapa. Uji uwe mzito, usichuruzike kwenye kijiko, utie na mafuta kijiko kidogo. Na maharage yako ya nyumbani, yapondeponde, naye ale.

Muuza duka huyo bado atauza unga.