Meseji ya Kutuma Pesa Haisemi Ilikuwa Deni

Tuseme ulimtumia binamu yako wa Taru 15,000 anunue mbuzi. Leo anasema ulimsaidia tu. Meseji ya muamala inaonyesha pesa zilienda, haisemi zirudi. Na hata kwenye Mahakama ya Madai Madogo, anayedai ndiye anayethibitisha.

Wengi tunakosea hapa: tunampigia simu kwa hasira, na maneno hayabaki. Mimi ningemwandikia kwa upole: "Binamu, zile 15,000 nilizokukopesha Machi, utaanza kulipa lini?" Akijibu "nivumilie hadi mwisho wa mwezi," amekiri deni. Usiifute. Akituma 2,000, muulize kwa meseji kama ni za deni lile. Akinyamaza, tafuta aliyewasikia mkikubaliana. Kimya pekee hakitoshi.