Umefuta akaunti ya Google? Anza leo, si kesho

Wasee, niseme ukweli: akaunti yangu ya Google niliifuta mwenyewe. Hasira tu, nikabonyeza, kwisha. Siku ya tatu ndio nikakumbuka picha za marehemu shosh zilikuwa humo zote.

Wengi wetu hapo hukimbilia kufungua akaunti mpya kwa jina lilelile. Haitakubali. Anwani ya Gmail ikishafutwa, hakuna anayeweza kuisajili upya, hata wewe mwenyewe. Njia ni kuirudisha ile ya zamani: ingia g.co/recover, andika anwani yako, jibu maswali. Tumia simu uliyozoea, ukiwa mahali ulipozoea kuingilia, ndio mfumo ukutambue. Mimi nilijaribu nikiwa nyumbani, nikaweka paswadi mpya, ikafunguka.

Lakini usizembee. Muda wenyewe ni mfupi, na ukichelewa, barua pepe na picha zinaweza kuwa zimeshaenda kabisa.

Maoni yangu? Kabla ya kufuta, pakua vitu vyako kwanza kupitia takeout.google.com. Hasira hupoa, lakini shosh hawezi kupigwa picha tena.