Warejesheeni Vibarua Kodi Iliyozidi

Kwa Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA),
Nairobi.

Kamishna Mkuu,

Nakuandikia kuhusu watu ambao majina yao hukaa miezi michache tu katika orodha za waajiri kisha yakatoweka: wanafunzi wa vyuo wanaofanya kazi wakati wa likizo ndefu, na vibarua wa mikataba mifupi. Wengi wao hukatwa kodi ambayo, mwaka ukiisha, hawakustahili kuilipa.

Tumchukue mwanafunzi aliyeajiriwa Juni, Julai na Agosti, akipata shilingi 50,000 kwa mwezi baada ya makato yasiyotozwa kodi. Mwajiri hukokotoa PAYE kana kwamba mshahara huo utaendelea mwaka mzima. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30. Ukiondoa nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400, anakatwa takriban shilingi 7,383. Kwa miezi mitatu zimekwenda kama shilingi 22,150.

Septemba anarudi darasani na hapati kazi nyingine. Mapato yake ya mwaka ni shilingi 150,000. Viwango vya mwaka vinatoza asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za kwanza, kwa hiyo kodi yake ni 15,000. Nafuu ya mwaka ni 28,800. Hadaiwi hata senti. Zile 22,150 zote ni zake.

Mwajiri hana kosa hapo, kwa kuwa alikata kama sheria inavyomtaka, na fedha zikishafika kwenu hawezi kuzitoa mfukoni mwake. Anachodaiwa ni fomu ya P9 inayoonyesha mshahara na makato ya kila mwezi. Kijana anayeshinda kwenye ofisi ya uhasibu akidai pesa anapoteza nauli. Adai P9, kisha awasilishe ritani kwenye iTax kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata. Ritani ikionyesha kwamba amelipa zaidi, aombe kurejeshewa kupitia sehemu ya `Refund`, akiwa ameweka akaunti ya benki iliyo kwa jina lake.

Njia ipo, basi. Taabu ni kwamba ina mashimo mawili, nayo yote mnaweza kuyafukia.

La kwanza ni ritani ya sufuri. Vijana wengi huchukua PIN ili waombe mkopo wa masomo, na wanachofundishwa na wenzao, au na wahudumu wa saiba, ni kubonyeza ritani ya sufuri kila mwaka ili wakwepe faini ya shilingi 2,000. Hubonyeza vivyo hivyo hata mwaka waliofanya kazi. Mtu akishasema hakupata kitu, hana kodi ya kudai mpaka arekebishe ritani ile, na wengi hawajui kwamba inarekebishika. Na ninyi mna taarifa ya P10 ambayo mwajiri huwasilisha kila mwezi, ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, ikiwa na PIN ya kijana huyo. Mfumo unaojua alilipwa Julai haufai kumpokelea ritani ya sufuri bila kumwonya.

La pili ni baya zaidi. Wapo waajiri wanaokata PAYE, wakaiandika kwenye hati ya mshahara, lakini wasimtaje kibarua katika P10, au wakakosea PIN yake. Ritani yake haioni chochote, na P9 aliyonayo haifanani na kumbukumbu zenu. Hapo hutumwa kwa mwajiri akamwombe asahihishe, naye kibarua hana nguvu juu ya mtu aliyekwisha kumaliza naye kazi. Ninyi mnayo. Mwajiri aliyekata kodi ya mtu ana deni kwenu. Mfuateni yeye, na hati ya mshahara ipokewe kuwa ushahidi.

Ninachoomba si sheria mpya. Kila P10 inapoingia, kila PIN iliyomo itumiwe ujumbe wa simu: mwajiri fulani ametangaza mshahara huu na kodi hii. Asiyeupata ujumbe atajua mapema, angali kazini, si Juni ya mwaka wa pili. Na pale P9 na P10 zinapolingana, na kiasi ni kidogo kama hiki, ritani yenyewe ihesabiwe kuwa ombi, pesa zilipwe bila fomu nyingine. Kodi mnaipokea kwa M-Pesa. Irudisheni kwa njia hiyohiyo.

Kwako msomaji uliyekatwa: sheria inakupa miaka mitano kudai, tangu siku kodi ilipolipwa. Tafuta hati zako za mshahara leo, na kama uliwasilisha sufuri, rekebisha kwanza ritani hiyo.

Wako,
Mlipa kodi