Mpeni mama mwanga, msimchubue

Picha nyingi za watu wa hapa Nakivale zimepigwa saa mbaya. Gari la shirika linatoka Mbarara asubuhi, mkutano unaanza saa nne, watu wanaongea weee, na karibu na saa saba ndipo mgeni anatoa simu: "Mama, simama hapo nje nikupige picha." Sasa sisi tuko chini ya digrii moja kutoka ikweta, na kwa saa za Uganda jua linafika juu kabisa hiyo hiyo karibu na saa saba. Mwanga unaanguka moja kwa moja toka utosini. Paji la uso linang'aa, ncha ya pua inang'aa, mabega yanang'aa, lakini macho yamezama kwenye mashimo mawili meusi, na chini ya pua kuna kivuli kama masharubu. Simu nayo inajaribu kusaidia. Inashusha penye mwanga, inainua penye giza, halafu inatoa uso bapa kama sahani, uso ambao huwezi kusema mwanga ulitoka upande gani.

Hapo ndipo kosa lenyewe linaanza. Anayetengeneza picha anaona macho meusi, anavuta kitufe cha mwangaza mpaka macho yaonekane, anaridhika. Macho yameonekana, ndiyo, lakini ngozi yote imegeuka majivu. Tumeshaona bango limechapwa hivyo, mama wa watu amesimama pale barabarani, na majirani wanamuuliza anatumia mkorogo gani siku hizi. Yeye hajawahi kupaka mkorogo maisha yake yote.

Maoni yetu ni haya: ile picha haikukosa mwangaza, ilikosa mwelekeo wa mwanga. Kuinua mwangaza wa uso wote ni kumchubua mtu. Kumwangazia upya ni kazi nyingine, na inawezekana hata kwa kompyuta ya zamani yenye GIMP, programu ya bure. Tutaeleza vile tunafanya, kwa picha moja ya mama fundi cherehani ambaye kikundi chake cha akiba kilihitaji tangazo. Ametupa ruhusa.

Picha yake ilikuwa na pikseli 3000 kwa 4000, imepigwa saa saba mchana. Kabla ya kugusa kitu, tuliitazama tu. Upande wa kushoto wa picha kuna ukuta uliopakwa chokaa. Ukuta kama huo ungeweza kweli kurudisha mwanga laini kwenye shavu lake. Basi tukakubaliana kwamba mwanga wetu utatoka kushoto, chini kidogo ya macho, na kila tutakachofanya kitafuata hilo. Mtu akiruka hatua hii, anaangaza hapa kidogo na pale kidogo, mwisho uso una majua matatu.

Kazi ya kwanza ni kupunguza, wala si kuongeza. Mwanga wa juu ukiendelea kupiga kelele, mwanga wako mpya hautasikika. Tulinakili picha kwa `Layer > Duplicate Layer`, hiyo leya mpya tukaiita "giza". Kwa `Colors > Curves` tukashika mstari katikati, pale 128, tukaushusha hadi 95 hivi. Picha nzima ikawa nzito, usiogope. Kisha `Layer > Mask > Add Layer Mask`, ukachagua `Black (full transparency)`, na leya ya giza inapotea yote. Maski ni kama pazia: palipo nyeusi leya haionekani, palipo nyeupe inaonekana, na kijivu ni kati kati. Sasa chukua kifaa cha gredienti, umbo `Linear`, rangi ya mbele nyeupe na ya nyuma nyeusi, uvute toka ukingo wa juu wa picha mpaka usawa wa kidevu. Giza linaingia toka juu na kuisha polepole. Mbingu iliyokuwa inachoma macho inatulia, nywele na paji la uso vinashuka, na shavu halijaguswa sana.

Hapa vijana wengi wanakwama, kwa hiyo tuseme waziwazi. Ukivuta gredienti na uso wote ukafunikwa na nyeupe na nyeusi, maana yake umepaka kwenye picha yenyewe badala ya maski. Rudisha nyuma, bonyeza kile kijipicha cha maski pembeni ya leya, uvute tena.

Kazi ya pili ndiyo mwanga wenyewe. Tulinakili tena picha ya asili, tukaiweka juu ya zote, tukaiita "mwanga". Mara hii mstari wa 128 tuliupandisha hadi 160, tukaweka maski nyeusi vile vile. Gredienti ya sasa ni `Radial`, ya duara. Tukaanza kwenye shavu la kushoto, chini ya jicho, tukavuta mpaka nje ya uso kabisa, kupita sikio la pili. Umbali huo ni wa makusudi. Mwanga unaorudi kutoka ukutani hauna mpaka, unafifia tu. Ukifanya duara dogo la kutosha jicho moja, utapata doa kama la tochi, na kila mtu atajua umechezea picha. Njia rahisi ya kukagua ni kupunguza picha mpaka iwe ndogo kama kijipicha cha WhatsApp. Kama bado unaona mahali mwanga unapoanzia, gredienti ni fupi. Ivute upya, au lainisha hiyo maski kwa `Filters > Blur > Gaussian Blur`, pikseli 100 hivi kwa picha ya ukubwa huu.

Shavu la kulia likabaki na giza kidogo, na hapo tuliliacha. Mwenzetu mmoja alitaka tuliangaze nalo "ili iwe sawa". Hapana. Tofauti ya shavu na shavu ndiyo inayoupa uso mfupa, pua na umbo. Ukizisawazisha umerudi kwenye sahani.

Namba zinasaidia pale macho yanapochoka. Kwa kifaa cha kupima rangi, kivuli cha jicho la kushoto kilikuwa 62 nyekundu, 41 kijani, 33 bluu. Baada ya kuangaza kikawa kama 88, 60, 48. Tazama mpangilio: nyekundu iko juu, bluu chini, na nafasi kati yao haijafa. Hiyo bado ni ngozi ya kahawia iliyopata mwanga. Kwenye lile bango la majivu tulipima shavu tukakuta kama 150, 138, 132. Nyekundu na bluu zimesogeleana hadi zinakaribia kugusana, na rangi tatu zikikaribiana ndiyo kijivu chenyewe. Ukiona zinaanza kukaribiana kwako, punguza `Opacity` ya leya ya mwanga kwanza. Sisi tuliishia asilimia 60.

Kazi ya tatu ni ule mng'ao laini, na huu ndio tunauogopa zaidi ya yote, maana unapendeza haraka. Tuliongeza leya mpya, tukaijaza nyeusi, hali yake tukaiweka `Screen`. Kwenye hali hiyo nyeusi haibadilishi kitu, ila rangi yoyote unayopaka inaongeza mwanga. Kwa brashi kubwa laini tukapaka rangi ya mchanga wa jioni kwenye ukingo wa kushoto, begani na pembeni ya shavu, tukaiblari kwa pikseli 150 na zaidi, halafu tukashusha `Opacity` hadi 20.

Kwa nini 20 tu? Hesabu ya `Screen` ni hii:

```
255 - (255 - a) * (255 - b) / 255
```

Weka mng'ao wa 60 juu ya kivuli cha 40, unapata 91, kimeruka hatua 51. Weka mng'ao huo huo juu ya mahali penye mwanga wa 200, unapata 213, hatua 13 tu. Yaani mng'ao unakula weusi kwanza. Kwa mtu mwenye ngozi nyeupe anaweza kuonekana ana joto la jioni, lakini kwa mama yetu, nguvu ile ile inamwagia maziwa kwenye nywele, nyusi na mboni. Ndiyo sababu mafunzo mengi ya mtandaoni yanatudanganya bila kukusudia, kwa sababu mfano wao si sisi. Kwa hiyo mng'ao wetu ulikaa pembeni, na juu ya macho na nywele tuliufuta kwa maski. Mboni lazima ibaki nyeusi. Jicho likiwa na cheche ndogo ya mwanga tayari, itaonekana baada ya kazi ya pili. Kama haina, hatuichori. Cheche ya kubandika inamfanya mtu aonekane kama mdoli.

Kuna vitu hii kazi haiwezi. Paji la uso lililoungua hadi 255 kwa rangi zote tatu halina habari yoyote ndani, ukilishusha unapata kiraka cha kijivu. Kivuli kikali cha pua kitapungua ila mpaka wake utabaki. Na picha iliyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida imebanwa, ukiinua giza lake unaona vimiraba. Ndugu zetu wa mashirika, mkitutumia, tumeni kama dokyumenti.

Wapo wanaosema kubadilisha mwanga ni uongo. Swali ni la haki. Juni 1994 gazeti la Time lilitoa picha ya polisi ya O. J. Simpson kwenye jalada ikiwa imetiwa giza, wakati Newsweek wiki hiyo hiyo walitumia ile ile bila giza, na watu wakaona wazi vile giza tu linavyoweza kumhukumu mtu. Mwanga una nguvu hiyo hiyo. Sisi mpaka wetu ni huu: picha ya ushahidi, ya nyumba iliyobomoka au ya mtu aliyepigwa, haiguswi. Picha ya kumtambulisha mtu inaweza kuangazwa, lakini rangi ya ngozi yake inabaki yake, na yeye mwenyewe anaiona kabla haijachapwa.

Mama fundi aliiona kwenye skrini yetu. Akaiangalia kimya, akauliza kama tunaweza kuonyesha zaidi kitambaa alichoshika, maana ndicho anachouza. Tukapanua kidogo maski ya mwanga kwenda chini hadi kwenye mikono. Halafu tukachapa nakala moja ndogo kwanza, kwa sababu karatasi inatoka na giza kuliko skrini, na tukapandisha leya ya mwanga toka 60 hadi 68 kabla ya kuchapa kubwa.