Wati 200 za uongo

Wasee, tuongee kuhusu hizi taa za sola za onlaini. Mwaka jana nilimnunulia shosho moja ya kuweka nje ya nyumba huko ushago. Tangazo lilisema 200W, betri 9900mAh, inawaka mpaka asubuhi. Nikaingia boksi. Saa moja jioni inawaka, kabla ya saa tatu imezima. Shosho akanipigia, "Mjukuu wangu, hii taa yako inalala mapema kuniliko."

Kosa lilikuwa langu, kwa sababu vipimo vya paneli vilikuwa palepale kwa tangazo: sentimita 20 kwa 15. Jua kali la saa sita likigonga paneli nzuri, kila sentimita 100 za mraba zinatoa kama wati 2. Yangu ilikuwa na 300, so wati 6 hivi. Piga hesabu ya saa tano za jua zuri, unapata 30Wh, na nyingine inapotea njiani kabla ifike kwa balbu. Hizo wati 200 zingetoka wapi?

Halafu betri. Nilifungua taa nikapata betri moja tu, ile ya ukubwa wa kidole gumba inaitwa 18650. Hizo za ukubwa huo, hata orijino, huishia kama 3500mAh. Mtu akikuandikia 9900 kwa moja, anakudanganya mchana.

Na mAh peke yake haikuambii kitu. Zidisha na volti, ugawanye kwa 1000, upate Wh, ambayo ndiyo moto wenyewe ulio ndani. Hiyo 18650 nzuri kabisa ni 3500 mara 3.7, yaani karibu 13Wh. Balbu inayokula wati 2 itakaa saa sita na kitu. Kwa hivyo hata ningepata betri ya ukweli, saa nane usiku shosho angekuwa gizani.

Taa ya pili nilichagua iliyoandikwa LiFePO4, 3.2V, 6000mAh. Hiyo ni kama 19Wh, zaidi ya saa tisa kwa wati 2. Aina hii pia inavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi kuliko lithiamu ya kawaida ya 3.7V. (Usijaribu kuichomeka kwa taa iliyoundwa kwa 3.7V, bana. Chaji yake ni tofauti.)

Kabla nilipe nilimwandikia muuzaji: aina ya betri ni gani, volti ngapi, paneli ina sentimita ngapi? Wawili wa kwanza walinijibu "ni 300W boss, original." Nikawapita. Wa tatu alinitumia picha ya betri na lebo yake, na taa yake imeandikwa wati 5 tu.

Siku hizi shosho ananipigia kulalamika kuhusu kuku.